"Mimi sidaiwi na mtu"

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Bombo, Uganda, alinigongea mlango akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ambayo mwanawe wa sekondari alikuwa amemwandikia, apeleke kwa mwenye nyumba kwa sababu chumba kinavuja. Mzee mwenye nyumba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akamrudishia. Alimjibu maneno manne tu: "Mimi sidaiwi na mtu."

Nikaifungua. Mstari wa kwanza: "Ninalalamika kuhusu nyumba yako mbovu na ninadai uitengeneze mara moja." Nilihuzunika, kwa sababu mama yule hana kosa. Chumba chake kinavuja kweli na kodi yake hailali hata mwezi mmoja. Haki yote ilikuwa upande wake, vitenzi viwili vikaipoteza mlangoni.

Tukitazame hicho "nadai". Kwa Kiswahili, anayedai mara nyingi anadai deni. Ukimwandikia mtu "nadai", wa kwanza kusimama mbele yake ni mdai, na mzee huyu anajua hajakopa shilingi kwa mpangaji wake. Kwa hiyo alijibu neno, paa hakulifikia. Halafu neno hilohilo lina mguu wa pili. Magazeti yanapoandika "mtuhumiwa anadai hakuwepo", msomaji anaelewa kwamba bado haijathibitishwa. Andika "nadai paa linavuja" na umeshamfundisha mwenye nyumba kukutilia shaka.

"Nalalamika" nalo linahamisha shida kutoka kwenye mabati na kuiweka moyoni mwako. Anayelalamika anaambiwa avumilie, au ahamie kwingine.

Na hapa Uganda kuna jambo la ziada. Watu wengi wa umri wangu walikisikia Kiswahili kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa askari: toka, leta, kaa chini. Mzee huyu mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande mpaka leo. Miaka mingi alitoa amri kwa Kiswahili. Ukimletea barua ya amri kwa lugha hiyohiyo, anasikia mtu wa cheo cha chini akimpigia kelele, na atafanya ambavyo angefanya kambini.

Basi tukakaa na jirani yangu, tukaanza upya. Kabla ya kalamu nilimwomba anionyeshe. Doa la dari lilikuwa juu ya kitanda, lakini fundi wa jirani alipopanda aligundua matundu matatu ya misumari yako karibu hatua mbili kutoka hapo. Vile vipira vinavyokaa chini ya vichwa vya misumari ya mabati vimekauka na kukatika kwa jua. Maji yanaingia kwenye tundu la msumari, yanatambaa na mbao, yanadondoka yanapopenda. Ndiyo maana ni vizuri kuchungulia kabla ya kuandika. Ukiandika "paa lote limeoza", mwenye nyumba anaona gharama ya paa zima na moyo wake unafunga. Ukiandika misumari mitatu, anaona fundi wa nusu siku.

Jingine nililoliona likanitisha. Mchirizi wa maji ukutani ulikuwa umefika kama upana wa kiganja kutoka kwenye swichi ya taa.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika:

"Salaam aleikum Mzee. Nakuarifu kwamba paa la chumba ninachokaa linavuja tangu mvua ya tarehe 4. Misumari mitatu ya upande wa dirisha imelegea na vipira vyake vimekatika. Dari imelowa na imeanza kubonyea. Maji yanateremka ukutani na yamekaribia swichi, nami nimeacha kuwasha taa hiyo kwa sababu ya watoto. Naomba utume fundi kabla ya Jumamosi. Mimi nitakuwepo nyumbani kila siku baada ya saa tisa, na ngazi ipo kwa jirani. Nategemea jibu lako kufikia Alhamisi. Mpangaji wako, chumba cha tatu."

Tazama vitenzi vya uharibifu: imelegea, vimekatika, imelowa. Lugha yetu imetupa zawadi hapa. Ukisema "umeacha paa likaharibika" umemnyooshea mtu kidole. Ukisema "limeharibiwa" unamfanya aulize limeharibiwa na nani, na jibu la kwanza litakaloingia kichwani mwake ni wewe. "Limeharibika" linamwacha kila mtu nje na kubakisha kitu chenyewe mezani. Lakini kitenzi hicho kitumike kwa ukweli. Kama mwanao ndiye aliyepiga mpira ukavunja kioo, usiandike "kioo kimevunjika". Andika kwamba mwanao amekivunja na useme utachangia nini, la sivyo barua yako ya paa nayo haitaaminika.

Kwenye matengenezo nataka kinyume chake. Hapo mtenda lazima aonekane. Watu hupenda kuandika "naomba paa litengenezwe", ni la adabu, lakini litengenezwe na nani? Ombi lisilo na mtu halimfikii mtu. "Utume fundi" lina mtu ndani yake na bado si amri, maana "naomba" limetangulia.

Jirani yangu alilipinga hilo "naomba". Alisema, "Mimi si ombaomba, nalipa kodi." Nilikubaliana naye kwa nusu. Ndiyo sababu tuliomba siku ya fundi, hatukuomba huruma. Maneno kama "nakusihi" na "nipo chini ya miguu yako" niliyafuta yote, kwa sababu yanageuza wajibu kuwa sadaka, na sadaka hutolewa mtu akipenda. Ugumu wa barua tuliuweka kwenye "nategemea" na kwenye siku iliyotajwa.

Wapo watakaosema mpigie simu tu, barua za nini. Sawa, bomba likipasuka usiku piga simu. Ila kesho yake andika, na ubaki na nakala yenye tarehe, kwa sababu simu haimkumbuki mtu.

Kuhusu sheria: ipo ile ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, na chini yake huwezi kutolewa nyumbani bila amri ya mahakama. Jirani yangu hakuijua, alikuwa akilala na hofu kwamba barua ya pili itamfukuzisha. Nilimweleza ili atulie, lakini hatukuiandika ndani. Wala hatukuweka nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Ukianza na mwenyekiti umemwaibisha mtu mzima mbele ya mtaa kabla hajapata nafasi ya kutenda, na baada ya hapo huna pa kupanda.

Alhamisi jioni Afande alikuja mwenyewe, akasimama chini ya doa, akauliza ngazi iko wapi. Ijumaa fundi alibadilisha misumari, akaziba na tundu la nne ambalo hatukuliona. Dari bado imebonyea, na swichi hakuna aliyeigusa. Jana usiku tumekaa tena na karatasi. Barua ya pili inaanza hivi: "Mzee, nakushukuru kwa paa, mvua ya Jumapili haikuingia. Nakukumbusha swichi."