Hakuna aliyewahi kuuita mji huu Lamoo

Kila picha ya ramani ya kale ya pwani yetu inapozunguka mitandaoni huja na maelezo yaleyale: "Zamani Lamu iliitwa Lamoo, Pate iliitwa Patta, Malindi iliitwa Melinde." Nadhani maelezo hayo yanapotosha. Wenyeji walisema Amu, na bado wanasema Amu. "Lamoo" ni jinsi Mwingereza alivyoandika alichosikia, kwa kanuni za lugha yake. Mambo matatu huchanganywa hapa: tahajia kubadilika, jina kubadilika, na mji wenyewe kuhama au kufa huku jina likibaki kwenye karatasi. Ramani ileile inaweza kuwa na yote matatu, na kila moja lina njia yake ya kulitambua.

Kabla ya majina, tazama picha yenyewe. Ramani nyingi tunazozipata zimepigwa kwa simu, ikiwa juu ya meza au ukutani nyuma ya kioo. Tafuta alama za latitudo kwenye ukingo wa kushoto na wa kulia. Pima urefu wa digrii moja upande huu, kisha upande ule. Kama urefu hautoshani, simu iliinamishwa, na vipimo vyote utakavyochukua vitapotoka. Nyoosha picha kwanza, au tafuta nyingine. Kisha soma herufi bila haraka. Ramani za karne ya 16 hadi ya 18 zina s ndefu inayofanana sana na f, kwa hiyo "Mombaſa" husomwa "Mombafa" na mtu asiyeijua, kisha tahajia hiyo ya ajabu huanza kunukuliwa kama jina. Mstari wa katikati wa s ndefu haukati hadi upande wa kulia. Wa f hukata. Katika picha yenye ukungu huwezi kuuona, hivyo linganisha na neno lingine kwenye ramani hiyohiyo ambalo una hakika lina f.

Baada ya hapo jiulize: aliyeandika alikuwa anasoma herufi kwa lugha gani? Mreno aliandika "qui" tunapoandika "ki", ndiyo maana Kilwa ni "Quiloa". Alama ya ç kwake ni s: "Mombaça". Mjerumani, ambaye serikali yake ilishikilia Witu, bara karibu na Lamu, kuanzia 1885 mpaka mkataba wa 1890 na Uingereza, alitumia j mahali pa y yetu, na w yake husomwa v. Ukiona "ju" mwishoni mwa jina kwenye ramani ya Kijerumani, soma "yu" kabla ya kudai umegundua kisiwa kipya.

Mwingereza ndiye anayetusumbua zaidi, maana ramani zake za baharini ndizo zilizotumika muda mrefu. Upimaji wa Kapteni Owen wa miaka ya 1820, kwa meli za Leven na Barracouta, ulifanywa kabla hakujakuwapo kanuni moja ya kuandika majina ya kigeni. Kila afisa aliandika kama sikio lake lilivyomwambia. Sauti ya u ikawa "oo", kwa hiyo Lamoo. Pate ilimtatiza, kwa sababu Mwingereza akikuta e mwishoni mwa neno huiacha bila kuitamka, na "Pate" angelisoma kama "peti" lisilo na i. Akaweka a mwishoni na t mbili katikati ili irabu ya kwanza ibaki fupi. Ndiyo hiyo "Patta". Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, nayo ilipewa l mbili kwa sababu hiyohiyo, na hapo utamaduni wa Owen na wenzake bado u hai: tembea ufukweni uone mabango mangapi ya nyumba za wageni yameandikwa "Shella" mpaka leo.

Kisiwa cha Kiwayu ndicho mfano ninaoupenda. Kwenye karatasi za Kiingereza utakuta "Kwyhoo". Ukiitazama hivi hivi haifanani na kitu. Sasa isome kama Mwingereza: "wy" ni wai, "hoo" ni hu. Unapata Kwaihu. Hiyo h haimo katika jina. Ni njia ya kuzitenganisha irabu mbili ambazo sisi huziunganisha kwa y. Iondoe, rudisha i iliyomezwa baada ya k, na umefika Kiwayu. Jina halikubadilika hata kidogo.

Mwaka 1885 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliweka kanuni: irabu zisomwe kama za Kitaliano, konsonanti kama za Kiingereza, na herufi isirudiwe pasipo sababu ya matamshi. Hapo "oo" ikaanza kuwa u, na Lamoo ikawa Lamu kama tunavyoiandika. Hii inasaidia kukadiria umri wa ramani isiyo na tarehe, lakini kwa tahadhari. Bamba la shaba lililochongwa zamani liliendelea kuchapa kwa miaka mingi, na mchongaji alirekebisha kina cha bahari na taa za bandari huku akiacha majina ya kale palepale. Lamoo na Lamu zikikutana kwenye karatasi moja, usishangae.

Sauti pekee haitoshi. Lazima jina lifungwe mahali, na hapa latitudo ndiyo rafiki, maana mabaharia waliweza kuipima kwa jua tangu zamani, wakati longitudo ilikuwa ya kukisia mpaka saa za baharini zilipopatikana. Lamu iko karibu 2°16' kusini, Malindi karibu 3°13'. Tuseme kwenye picha yako alama ya 2° na ya 3° zimetengana pikseli 400, na kiduara cha mji kiko pikseli 108 chini ya ile ya 2°. Gawa 108 kwa 400, zidisha kwa 60: dakika 16. Uko Lamu. Pima kutoka kwenye kiduara, wala si kutoka kwenye maandishi, kwa sababu mchoraji aliandika jina palipokuwa na nafasi, mara nyingi mbali ndani ya bara. Kwa ramani za karne ya 16, kosa la nusu digrii ni la kawaida, na hapo mpangilio wa majina una uzito kuliko umbali: Mombaça, Melinde, Lamo, Pate, kisha Brava na Magadoxo.

Longitudo ikikuonyesha maajabu, angalia sifuri yake iko wapi. Lamu iko karibu 40°54' mashariki ya Greenwich. Kwenye ramani ya Kifaransa inayoanzia Paris utasoma 38°34', na kwenye ile inayoanzia kisiwa cha Ferro, katika visiwa vya Kanari, utasoma 58°34'. Wachoraji hawakukosea, ila hawakuanza kuhesabu mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye majina yaliyobadilika kweli. Ghuba iliyoko kati ya Ras Ngomeni na Kipini imechapwa "Formosa Bay" kwa karne nyingi. Hakuna kusoma kwa sikio kutakakokutoa Formosa hadi Ungwana, kwa kuwa Formosa ni neno la Kireno lenye maana ya nzuri, lililobandikwa na mabaharia waliopita. Hapa ni halali kabisa kuandika "jina la wageni kwa Ghuba ya Ungwana". Faza ina sura zote mbili. "Ampaza" ya Wareno ni jina lilelile la Paza, au Faza, kwa tahajia yao, na ndio mji walioushambulia na kuuharibu mwaka 1587. Lakini kuna maandiko yanayouita mji huo Rasini, na hilo ni jina jingine. Mtu akiona Ampaza kwenye ramani moja na Rasini kwenye nyingine huhesabu miji miwili upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate. Pima latitudo, utaona ni pamoja.

Malindi ndiyo inayowanasa wengi, na kosa lake ni kubwa kuliko la tahajia. Jina "Melinde" limo karibu katika kila ramani ya Afrika tangu Vasco da Gama alipotia nanga hapo 1498. Lakini mwishoni mwa karne ya 16 Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamia huko. Mji ukapungua mpaka ukawa magofu, na ulianzishwa upya 1861 chini ya Sayyid Majid wa Unguja. Wachoraji wa Ulaya hawakwenda kuangalia. Walinakili ramani iliyotangulia. Ukikuta "Melinde" kwa herufi kubwa kwenye ramani ya katikati ya karne ya 18, hiyo si hati kwamba palikuwa na mji wenye watu mwaka huo. Inathibitisha tu kwamba mchoraji alikuwa na ramani ya zamani mezani.

Mito nayo inataka uangalifu wa namna yake. Ramani za zamani huonyesha Tana, ambao wengine waliuandika "Dana", na Ozi kama mito miwili yenye midomo miwili. Ukizilinganisha na picha ya setilaiti ya leo utadhani walikosea, kwa sababu maji ya Tana sasa yanamwagikia Kipini kupitia mdomo wa Ozi. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha mito hiyo, ndio uliofungua njia na mto ukaifuata. Karatasi ilikuwa sahihi kwa siku zake. Ama "Quilmanci", mto unaochorwa karibu na Melinde kwenye ramani za karne ya 16 na ya 17, usiufunge moja kwa moja na mto Sabaki wa karibu na Malindi. Wataalamu wengine wanaupeleka Tana, na latitudo za ramani hizo haziwezi kuamua kati ya hiyo miwili. Tena usiuchanganye na Quelimane ya Msumbiji.

Kwa hiyo nikiandika maelezo chini ya picha huanza na tahajia ya ramani bila kuigusa, ndani ya alama za nukuu, kisha jina la leo, kisha neno moja la kueleza uhusiano wao: "Kwyhoo", Kiwayu, tahajia; "Formosa Bay", Ghuba ya Ungwana, jina la wageni; "Melinde", Malindi, mji ukiwa magofu wakati ramani ilipochapwa. Kwa "Quilmanci" naandika Sabaki au Tana, haijaamuliwa.