Mwambie mfasiri kama mkataba utasainiwa au utasomwa tu

Barua pepe nyingi za kuagiza tafsiri zina sentensi moja: "Tafadhali tutafsirie kiambatisho hiki kwa Kiswahili, tunakihitaji haraka." Naamini sentensi hiyo huzaa makosa mengi ambayo baadaye hulaumiwa wafasiri, kwa sababu inamwachia mfasiri maamuzi ambayo kwa haki ni ya mwenye waraka.

Tuchukue mfano wa taasisi ya mikopo midogo jijini Dar es Salaam yenye mkataba wa Kiingereza wa maneno 6,000, ambao inataka uwe na nakala ya Kiswahili. Swali linalotangulia mengine yote ni hili: je, mkopaji atasaini nakala hiyo ya Kiswahili, au atapewa aisome ili aelewe, huku nakala ya Kiingereza ikibaki ndiyo yenye nguvu? Kama itasainiwa, mfasiri hana budi kulinda namba za vifungu na mpangilio wake, kwa kuwa kifungu cha 12 huenda kinarejea kifungu cha 4(b), na sentensi yenye masharti matatu haiwezi kupunguzwa hata sharti moja. Kama ni ya kueleza tu, ana ruhusa ya kuzikata sentensi ndefu na kuanza na kile anachotaka kujua mkopaji, yaani atalipa kiasi gani na lini. Hizi ni tafsiri mbili tofauti za waraka mmoja, na hakuna mfasiri, hata awe hodari vipi, anayeweza kubaini kutoka kwenye kiambatisho pekee ni ipi inayotakiwa. Kifungu kinachosema ni lugha ipi itakayotawala pakitokea mgongano nacho kiamuliwe na mwanasheria wa taasisi kabla kazi haijatumwa.

Kuhusu wasomaji, haitoshi kuandika "wateja wetu". Kama wakopaji ni wafanyabiashara wa sokoni ambao husomewa mkataba kwa sauti na afisa mikopo, jambo hilo liandikwe, kwani sentensi inayoeleweka kwa macho inaweza kumpotea kabisa anayeisikia mara moja.

Orodha ya istilahi ndiyo sehemu ninayoijali zaidi. Istilahi 20 au 30 zilizochaguliwa kwa makini hufaa kuliko kamusi nzima iliyobandikwa kwenye barua, na zilizo muhimu ni zile ambazo kosa lake lina gharama. Katika mkataba wa mkopo, neno "dhamana" hutumika kwa mali anayoiweka mkopaji na pia kwa ahadi anayoitoa mdhamini. Vifungu hivyo viwili vikikaribiana, mdhamini anaweza kudhani kwamba ameweka nyumba yake, au kinyume chake. Orodha inaweza kuelekeza kwamba mali iitwe "mali ya dhamana" na ahadi iitwe "udhamini" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vivyo hivyo, riba inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali itenganishwe na ile inayokokotolewa juu ya salio, maana kuziita zote "riba" bila maelezo ni kumficha mkopaji gharama halisi. Orodha itaje pia majina ya bidhaa yasiyotafsiriwa, na imruhusu mfasiri kupinga pendekezo lolote kwa kutoa sababu.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi:

"Ndugu Mfasiri, habari za kazi. Naambatanisha mkataba wa mkopo (maneno 6,000), toleo la mwisho lililopitishwa na mwanasheria wetu. Nakala ya Kiswahili itasainiwa na wakopaji, hivyo tafadhali usibadili namba za vifungu. Wakopaji wengi ni wafanyabiashara wadogo wanaosomewa mkataba kwa sauti. Orodha ya istilahi 24 imeambatanishwa. Usipokubaliana na istilahi yoyote, niandikie kabla ya kuibadili. Naomba maswali yako ifikapo Jumatano, saa 6 mchana, nami nitayajibu siku hiyo hiyo. Tafsiri iliyokwisha kupitiwa na mhariri wa pili naomba niipate Jumatatu inayofuata, saa 10 jioni kwa saa za Afrika Mashariki."

Barua hiyo ikitumwa Jumatatu asubuhi, ratiba inatosha. Mfasiri wa nyaraka za kisheria hutafsiri takriban maneno 2,000 kwa siku, kwa hiyo siku tatu ni za kutafsiri, na zinazobaki ni za maswali na za mhariri wa pili. Anayedai kazi hiyo kwa siku mbili anaiondoa hatua ya mhariri, hata kama hakusema hivyo. Ni lazima pia kuandika "mchana" au "jioni", kwa sababu mfasiri aliye Ulaya anaweza kusoma "saa 10" kama saa nne ya asubuhi.

Baada ya kutuma, subiri maswali. Yasipokuja kabisa kwa mkataba wa urefu huo, mpigie mfasiri simu siku hiyo ya Jumatano na umuulize amekitafsirije kifungu cha kushindwa kulipa. Na mwanasheria akibadilisha chochote katikati ya kazi, usitume faili jipya lote, bali tuma namba ya kifungu, maneno ya zamani na maneno mapya, kisha mkubaliane upya siku ya kukabidhi.