Bodaboda ya Kirumba inayorudi mapema

"Nina bodaboda moja hapa Mwanza, inapaki pale Kirumba karibu na soko la Mwaloni. Kijana ananiletea hesabu ya 10,000 kila siku. Tangu mwaka jana abiria na mizigo ya dagaa vimeongezeka, anapata kuliko zamani, lakini sasa anafunga kazi mapema. Mtu akilipwa vizuri si ndiyo angekaza zaidi? Au kaanza uvivu?"

Tuanze na mfuko wa kijana, tuuache wako kwanza. Namba ninazotumia ni za mfano, lakini hazipo mbali na maisha ya kijiweni. Tuseme akishatoa usingizi, kula na kuoga, anabaki na masaa 14 ambayo ni yake kuyagawa: ama barabarani, ama nyumbani. Zamani kila saa barabarani ilimpa 2,000 baada ya petroli. Masaa yote 14 yangekuwa na thamani ya 28,000. Toa hesabu yako, inabaki 18,000. Tuseme pia ni mtu anayethamini pesa na mapumziko sawasawa, kwa hiyo hiyo 18,000 anaikata katikati: 9,000 aende nayo nyumbani taslimu, na 9,000 "aile" kama mapumziko, yaani masaa manne na nusu. Anaendesha masaa tisa na nusu.

Sasa kila saa inampa 2,500. Masaa 14 yana thamani ya 35,000, toa 10,000 yako, inabaki 25,000. Akikata katikati, anabeba 12,500 nyumbani na kupumzika masaa matano. Anaendesha masaa tisa. Kipato kimepanda, nusu saa imepungua, na hakuna uvivu popote katika mgawanyo huo. Ni mtu yuleyule mwenye tabia ileile.

Ndani ya nusu saa hiyo kuna nguvu mbili zinazovutana, na wachumi huzitenganisha hivi. Chukua hesabu yako uipandishe kwa 4,750, ambayo ndiyo faida yote aliyoipata kwa malipo mapya kama angebaki kwenye masaa tisa na nusu. Sasa hajatajirika, lakini kila saa ya kukaa kijiweni akipiga soga inamgharimu 2,500 badala ya 2,000. Akigawa upya kwa kanuni ileile, ataendesha dakika 27 zaidi. Hiyo ni athari ya ubadilishaji: mapumziko yamekuwa ghali, anayapunguza. Halafu mrudishie ile 4,750. Atapunguza dakika 57, kwa sababu mtu mwenye nafuu hununua zaidi vitu anavyovipenda, na kupumzika ni kimojawapo. Hiyo ni athari ya kipato. Ya pili ikiizidi ya kwanza, ukichora masaa yake dhidi ya malipo, mstari unapinda kurudi nyuma kadiri malipo yanavyopanda.

Cha kushangaza ni kinachoupinda mstari huu hapa: ni hesabu yako mwenyewe. Futa ile 10,000 kwenye mfano wangu, na kijana ataendesha masaa saba iwe saa moja inalipa 2,000 au 4,000. Nguvu mbili zinatoshana. Hesabu ni deni analoamka nalo kila asubuhi. Saa ikilipa kidogo, deni linamfunga barabarani mpaka usiku. Saa ikilipa vizuri, linaisha mapema na kamba inalegea. Akipata 1,250 tu kwa saa, angelazimika kuendesha masaa 11. Kwa hiyo unachokiita uvivu wa leo huenda ni juhudi ya zamani iliyotokana na kubanwa.

Wapo wasioukubali uchambuzi huu. Wao husema dereva hapimi pesa na mapumziko. Ana lengo la siku, mathalani 20,000, likifika anazima pikipiki. Hoja hii ina msingi wake. Mwaka 1997 Colin Camerer na wenzake walichapisha utafiti wa madereva teksi wa New York, ambao nao wengi hulipa kodi maalumu ya gari kwa zamu, hesabu kama yako. Waliona siku zenye malipo mazuri kwa saa ndizo madereva walizofunga mapema. Baadaye Henry Farber alichambua safari za teksi za jiji hilohilo za miaka ya 2009 hadi 2013, akaona kwa ujumla kinyume: saa ikilipa vizuri, madereva huongeza masaa.

Sehemu ya ugomvi huu ni mtego wa kupima, na wewe unaweza kuuingia. Malipo kwa saa hupatikana kwa kugawa mapato ya siku kwa masaa. Ukikosea masaa, tuseme aliendesha tisa ukaandika saba, basi papo hapo malipo kwa saa yanaonekana makubwa na masaa yanaonekana machache. Kosa la daftari linajifanya ugunduzi. Dawa yake ni kutafuta kitu kinachobadilisha malipo ambacho dereva hana mamlaka nacho.

Mwanza tunacho: mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hupumzika na mizigo Mwaloni hupungua. Kijana anajua kalenda hiyo kama anavyojua mifuko yake. Wiki ya giza haimtajirishi maishani, inapita tu, kwa hiyo athari yake ya kipato ni ndogo na ubadilishaji unapaswa kushinda: akaze gizani, apumzike kwenye mbalamwezi. Muulize anafunga saa ngapi, na waulize wenzake kijiweni, kwa miezi miwili au mitatu. Akikaza gizani, anapanga muda wake kama mtu mwenye akili zake, na kupungua kwa masaa tangu mwaka jana ni nafuu ya kudumu anayoifaidi. Akifunga mapema hata gizani halafu akasota hadi usiku wakati wa mbalamwezi, wale wa lengo la siku wana haki ya kusikilizwa. Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa siku ya ada au ya msiba hakuna dereva asiye na lengo.

Najua wazo litakalokujia sasa, kwa sababu hesabu inalionyesha wazi. Pandisha hesabu iwe 12,500, na katika mfano wangu anarudi kwenye masaa tisa na nusu, tena anabeba 11,250, bado zaidi ya zamani. Wakoloni waliijua mbinu hii: walidai Mwafrika akiongezwa mshahara ataacha kazi, kwa hiyo mshahara ukabaki chini, na kodi ya kichwa ikamsukuma mtu shambani kwa mzungu. Hoja yao ilisahau kwamba hata kama mtu mmoja anapunguza masaa, malipo mazuri huwavuta wengine ambao hawakuwepo kabisa. Kirumba unaliona hilo: vijana wangapi wapya wamepaki pale tangu mwaka jana?

Na nyuma ya pikipiki za hao wapya kuna wamiliki wengine, ambao ndio kizuizi chako. Nao wanatafuta madereva, na kijana anayejua njia zote za mlimani Mabatini hatakosa pikipiki ya 10,000. Isitoshe, wewe unalipwa 10,000 akirudi saa 12 jioni au saa 3 usiku. Masaa anayoyapunguza hayatoki mfukoni mwako. Yanapunguza kuchakaa kwa tairi, cheni na breki, ambazo kama sikosei unanunua wewe.