Oringi Mia Mbili na Kanzu ya Mzee

Sasa kabla hamjaendelea kunitumia zile picha za kisu na matone ya damu, nisikizeni na mimi. Najua mshaipata ile voisi ya jirani yangu wa redieta, ile anasema "fundi kamchinja mzee wa watu Ijumaa mchana kweupe". Yule bwana hakuwepo hata, alikuwa amelala chini ya lori la mtu, alichoona ni mzee anatoka mbio kwangu kanzu imekuwa nyekundu kutoka kifuani mpaka magotini, basi akachukua simu. Hakuna aliyechinjwa. Ile ilikuwa oili. Na oili ilitoka kwa sababu ya barua, na barua yenyewe, wallahi, ilikuwa barua safi.

Kazi ilikuwa silinda ya steringi ya boti ya mzee, boti ya kuvulia. Nyinyi wa matatu na tuktuk hamjui haya mambo kwa hivyo tulieni: nahodha akizungusha steringi kuna pampu ndogo inasukuma oili kwenye paipu mpaka nyuma, kule silinda inapokea ile oili inasukuma usukani kushoto ama kulia, hakuna injini inayosaidia hapo ni mkono tu. Ile silinda ilikuwa inavuja kwenye kifuniko cha mbele. Kifuniko kimechongwa mfereji kuzunguka, na ndani ya mfereji inakaa oringi moja, pete ya mpira hivi, ndo inazuia oili. Nilipofungua oringi ikatoka yenyewe, haikuniomba bisibisi wala nini, imelegea inaning'inia. Mimi nikafurahi kazi imekuwa rahisi.

Sa hapo mtu mwingine angetembea mpaka madukani Mwembe Tayari aulize oringi, arudi, afunge, alipwe. Lakini mimi kulikuwa na sili zangu zingine za pampu nataka kuagiza Uchina, na pia nisiwafiche, nilikuwa nimenunua vernia mpya ya dijitali, ile ya kioo inayosoma mpaka nukta mbili, na ilikuwa inanikaa mfukoni kila mahali hadi harusini. Nikapima ile oringi nzee kwa utulivu. Nikapima tena upande wa pili. Nikamuonyesha mwanafunzi wangu asome mwenyewe. Kisha nikaandika:

"Naomba oringi 200. Kipenyo cha ndani 54.60 mm. Unene wa mpira 3.28 mm. Mpira uwe EPDM, ugumu 70 Shore A, rangi nyeusi. Tofauti isizidi 0.10 mm kwa kipimo chochote. Matumizi ni chombo cha baharini, kwa hivyo mpira uvumilie chumvi, maji na jua. Tafadhali msibadilishe kitu."

Hiyo EPDM sikuitunga, mabaharia wa mzee walikuwa na pakiti ya oringi ya zamani imeandikwa hivyo, na nilipoisoma soma nikakuta ni mpira bora kabisa kwa maji ya chumvi na jua halimfanyi kitu. Ambayo ni kweli. Mpaka leo ni kweli.

Wale watu wakajibu, kuna dada pale wa mauzo, mpole sana, akasema saizi yangu haimo kwenye orodha yao, za karibu ni 50 × 3 na 55 × 3, na pia mpira wa kipenyo kile hakuna mtu anaweza kumuahidi 0.10, ule sio chuma, yeye ataahidi karibu nusu milimita. Kisha akauliza mambo mawili. Nimepima oringi nzee ama nimepima mfereji? Na hiyo silinda ndani mna maji ama mna oili?

Someni majibu yangu, msiniulize kitu: "Kipimo kimechukuliwa kwa vernia ya dijitali. Endeleeni na kazi."

Wakaendelea. Wakanitoza pesa ya kuchonga moldi maana hiyo saizi haiko duniani, na hawawashi mashine chini ya pisi 200. Nikalipa. Nikajiona mtu mkubwa, mwenye moldi yake Uchina.

Mzigo ukafika. Nikafungua pakiti mbele ya watu, nikatia vernia, 54.7, unene 3.3. Nikamwambia mwanafunzi unaona watu wanaofuata maagizo? Ijumaa asubuhi tukakaa kufunga.

Oringi haikukaa. Unaibonyeza huku inainuka kule, imekuwa na kigongo, unakifukuza kigongo kinazunguka kifuniko kizima kinarudi ulipoanzia. Nikatia girisi nyingi. Nikaishikilia na vidole, mwanafunzi akagonga kifuniko na nyundo ya mbao taratibu, kikaingia, na wakati kinaingia nikasikia "tki". Pembeni pakatoka kauzi keusi, kembamba, kama ukucha uliokatwa. Nikakapuliza kakaenda zake. Nikasema hiyo ni girisi imekauka.

(Wewe fundi unayesoma na ushashika kichwa, shika pole pole, bado.)

Mzee akaja ile saa ya watu kuelekea msikitini. Kanzu mpya, nyeupe pe, kofia ya kutunga, udi unanukia kuanzia barabarani. Nikamwambia mzee wangu simama huku pembeni. Akasema, "Mwanangu, nimelipa, wacha nione kazi." Akaja akasimama mbele ya kifuniko, ameinama kidogo, mikono ameiweka nyuma.

Silinda imebanwa kwenye vaisi. Paipu zimeingia kwenye ile pampu ya steringi tuliyoifunga kwenye meza nyingine, na mwanafunzi ndo anazungusha, ametupa mgongo. Hii hali ya mgongo muikumbuke. Ndani tumejaza ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, ndo mabaharia wake wanatumia.

Anazungusha, hewa inatoka inapiga mapovu kwenye chupa. Anazungusha, fimbo ya silinda inaanza kuingia ndani, laini, inang'aa. Mzee anasema "Mashallah." Mimi nimekunja mikono kifuani. Fimbo inafika mwisho. Steringi inakuwa nzito, na huyu kijana wangu ni mtu wa mazoezi, kitu kikiwa kizito yeye ndo anapata raha. Anakaza. Naona tone moja jekundu kwenye ukingo wa kifuniko. Linakua. Halidondoki. Mzee ameliona pia, anasogeza uso kuliangalia vizuri, ananyoosha kidole, anafungua mdomo kuniuliza, na mimi nafungua mdomo kumwambia sogea.

Hatukusema kitu sote wawili. Ilitoka kwa upana, kama umbo la kipepeo cha mkono, bila kelele nyingi, "fsssss" tu. Ilianza kifuani. Mzee akajiinua kurudi nyuma, kwa hivyo ikateremka tumboni, ikateremka magotini, ikammaliza. Nikapiga kelele "Wacha! Wacha!" na kijana kwa hicho kishindo akasikia "kaza", akakaza. Duru nzima nyingine. Mzee amesimama mikono hewani, anajitazama, ananitazama mimi, anajishika kifua anatazama vidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, nimeumia?"

Nikashindwa kumjibu. Yaani sikuweza. Ndo akatoka mbio, mama wa mahamri akapiga ukemi akamwaga na karai, jirani akatoka chini ya lori, na yaliyobaki mnayo kwenye simu zenu.

Haikumuumiza, alhamdulillah, pampu ya mkono na alikuwa mbali kiasi, ingekuwa mashine ya presha kubwa karibu na ngozi hii stori nisingeiandika nikicheka. Aliswali na kikoi changu na jezi ya mwanafunzi yenye nambari 10 mgongoni. Kanzu nimemnunulia. Tuendelee.

Jioni akaja mjomba wangu, alikuwa mekanika wa meli miaka mingi, hasemi sana. Hakutaka kuona barua. Alichukua ile ile vernia yangu akapima kifuniko. Chini ya mfereji kipenyo ni 51. Tundu la silinda kinapoingia kifuniko ni 56. Akasema basi nafasi ya mpira kila upande ni 2.5, ukitia oringi ya unene wa 3 itabanwa nusu milimita, sehemu moja kwa sita, hapo ndo inaziba. Na kipenyo chake cha ndani kiwe 50, kidogo kuliko mfereji, ivutike ikae imeukumbatia. 50 kwa 3. Ile ile ya yule dada. Ile ile iliyo Mwembe Tayari.

Na ile nzee iliyonipa 54.60? Hiyo ilizaliwa 50 kwa 3. Mtu aliweka EPDM kwenye oili, na mpira huo na oili za petroli hawapatani, unainywa oili unavimba, urefu kwa unene. Ndo maana ilikuwa imelegea imetoka yenyewe, ndo maana hata silinda ilikuwa inavuja. Nami nikaupima uvimbe kwa nukta mbili nikautengenezea moldi.

Mjomba akachukua moja ya zile mpya akaitia kwenye chupa ya jemu yenye ile oili, akafunga, akaiweka dirishani akaenda zake nyumbani. Nilipoitoa leo nikailaza juu ya mwenzake, ishaanza kuwa kubwa kuliko mwenzake na ukiifinya ni laini. Tulizokuwa tumeagiza kwa ajili ya uvimbe nazo zinavimba.

Silinda nimeifunga na oringi ya NBR, 50 kwa 3, ugumu 70. Mpira huo oili haimtishi ila jua na hewa ya nje ndo inampasua, kwa hivyo za akiba nimezifunga kwenye mfuko mweusi, mzee nimemkatalia asizitundike kwenye boti na nyavu. Hakuna tone. Kaja kuijaribu mwenyewe, safari hii kavaa shati ya kazi na kasimama nyuma ya lori la jirani.

Barua mpya pia nimeipeleka, za sili, nimechora mfereji: kipenyo cha chini, upana, kina, tundu, ndani mna nini, joto lake. Sikuandika saizi ya mpira, nimeomba wao waniambie. Yule dada amejibu kwa neno moja, "Asante", na naona kabisa alikuwa anacheka.

Sasa biashara. Nina oringi 198, EPDM, 54.60 kwa 3.28, mpya kabisa. Mwenye pampu ya maji yenye mfereji wa karibu 55 na nusu na tundu la 61 hivi anitafute, bei tutaelewana. Za maji tu. Ukizitia kwenye oili usinijie na kanzu.