Websaiti au posti za LinkedIn, ipi inaleta mteja wa hesabu?

"Mkuu mimi niko Dar, nafanya hesabu na kodi za wafanyabiashara wadogo. Nimechoka kuzunguka na bahasha, nataka wateja wanitafute wenyewe. Nifungue websaiti yangu au nibaki na posti fupi fupi LinkedIn? Ipi inaleta simu kweli?"

Mi kazi yangu ni hiyo hiyo na vyote viwili ninavyo, mwaka wa tatu sasa. Posti inafanya watu wakujue, websaiti inampata mtu akiwa tayari na tatizo mkononi, na hizo ni kazi mbili tofauti. Ukiipima posti kwa laiki utajidanganya vibaya sana.

Mwaka wa kwanza nilikua napost mambo ya viwango vya uhasibu, jinsi ya kutambua mapato, vitu vizuri tu vya kitaalamu. Laiki zinafika tisini, komenti "well said" kibao, najiona nimefika. Siku moja nikakaa nikafungua orodha ya walioilaiki mmoja mmoja: wahasibu wenzangu, wanachuo wanaotafuta sehemu ya kufanya field, na jamaa mmoja anauza viwanja. Mwenye biashara hata mmoja hakuna. Sasa wahasibu watanipa kazi gani wakati na wao wanatafuta?

Nikabadilisha. Nikaandika hivi: "Umelipia fremu miezi 6, laki 6 kwa mwezi? Hiyo ni 3,600,000. Mwenye nyumba anatakiwa apokee 3,240,000. Ile 360,000 ni kodi ya zuio, asilimia 10, na wewe mpangaji mwenye biashara ndo unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukimpa hela yote, deni linabaki kwako." Basi, chini yake namba yangu ya simu, hakuna kingine. Laiki zilikua saba, moja ya mke wangu. Ila wiki ile nilipigiwa simu tatu, na mmoja alikua ameshalipa pango la mwaka mzima lote kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kurudisha hata mia. Huyo mpaka leo ni mteja.

Kilichofanya kazi pale ni mistari ile ya mwanzo. Kwenye simu LinkedIn inaonyesha kama mistari mitatu hivi halafu inaficha inayobaki, kwahiyo ukianza na "Katika mazingira ya sasa ya kibiashara" umeshazikwa hapo hapo. Swali la mteja likae juu, na hela zake alizozizoea ndani yake, fremu, laki sita, sio "mlipaji kodi A".

Upande mbaya wa posti ni kwamba haikai. Siku tatu nne imeshazama, na mtu aliyeiona leo tatizo lake linakuja mwezi ujao, anakumbuka tu kuna jamaa aliandika kitu cha pango ila jina hana. Halafu tuseme ukweli, mwenye duka la vitenge Kariakoo LinkedIn anafanya nini? Waliopo kule ni meneja wa NGO ndogo, mtu wa kampuni ya nje anayefungua ofisi huku, na mwajiriwa mwenye biashara pembeni. Mwenye duka posti inamfikia ikiwa skrinishoti kwenye grupu la WhatsApp, na skrinishoti haina linki ya kubonyeza, ndo maana mi kila posti mstari wa mwisho naandika jina langu na anwani ya websaiti kwa herufi za kawaida.

Na kuna hatari nyingine. Niliwahi kuandika kisa cha mteja aliyesahau kupeleka ritani za VAT kwasababu hakua ameuza kitu (ukishasajiliwa VAT unapeleka tu hata kama ni sifuri, kila tarehe 20). Jina sikutaja, mtaa nikautaja. Alijijua, akachukua mafaili yake siku hiyo hiyo. Nilikua nimekosea mimi, sina cha kujitetea.

Sasa websaiti. Nyingi za wahasibu wetu ni "karibu kwenye kampuni yetu", maono, dhamira, picha ya wazungu wanashikana mikono, na hakuna mtu duniani anayeingia Google kutafuta dhamira yako. Yangu ina kurasa tisa tu, na kila ukurasa unajibu swali moja kwa maneno ambayo mtu anayaandika kweli akitafuta, mfano "kodi ya zuio ya pango ni asilimia ngapi". Maneno hayo sikuyabuni, nusu nimeyatoa kwenye meseji za wateja, nusu kwenye Google Search Console, ni bure na inakuonyesha watu waliandika nini kabla ya kukuona. Ubaya ni taratibu mno. Mimi simu ya kwanza kutoka websaiti ilikuja mwezi wa tano tangu niifungue, kwahiyo kama kodi ya nyumba yako inaisha mwezi ujao hii sio dawa, rudi kwenye bahasha.

Kingine, websaiti inaoza. Kila Julai sheria za fedha zinabadilika. Kiwango cha mauzo cha kujisajili VAT kilipanda toka milioni 100 kwenda milioni 200 Julai 2023, na mi nilichelewa kurekebisha ukurasa wangu. Mtu akanipigia amepaniki anataka kusajiliwa wakati mauzo yake ni milioni 130 tu. Posti ya zamani watu wanaisamehe, inaonekana ni ya zamani, ukurasa wa websaiti wanauamini kama umeandikwa jana.

Kitu ambacho posti haiwezi kabisa ni kuchuja. Niliandika kwenye ukurasa wa huduma kwamba hesabu za mwezi zinaanzia laki mbili na kwamba sifanyi kazi ya "kupunguza mauzo". Simu zikapungua, nikaogopa kidogo. Kuna mwenzangu anasema bei inafukuza watu na ana hoja, wapo waliokimbia ambao tungeelewana. Ila zile simu za dakika arobaini za ushauri wa bure halafu "ntakucheki" zimeisha, na mimi naona nimepata faida.

Ili ujue nani katokea wapi usitegemee kumuuliza, hakumbuki. Kila ukurasa uwe na linki yake ya WhatsApp yenye ujumbe ulioandikwa tayari, kama hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimesoma%20kuhusu%20zuio%20la%20pango
```

Akibonyeza ujumbe unakuja wenyewe na unajua ni ukurasa upi. Kwa hesabu yangu ya miezi sita iliyopita waliouliza ni 19: 9 wameletwa na wateja wa zamani, 6 websaiti, 4 posti. Waliolipa ni 6, 3 na 1. Ukiishia hapo utasema mambo ya mtandao ni kupoteza muda, mdomo wa mteja ndo kila kitu. Mi pia ningesema hivyo, ila wawili kati ya wale sita walioletwa waliniambia wenyewe kwamba walipewa majina matatu, wakayasachi yote, na mimi tu ndo nilikua na kitu cha kusoma. Hao nawaandika upande gani?

Ningekua naanza leo ningefanya ukurasa mmoja wa lile swali ulilojibu mara nyingi zaidi mwezi huu, nautoa jumamosi moja, halafu nakata posti tatu nne humo humo. Mi posti inanichukua kama dakika arobaini, ukurasa siku nzima, na siku za kuelekea tarehe 20 siandiki chochote. Na namba utakayoweka iwe laini ambayo hutakuja kuitupa, posti yangu ya pango mpaka leo inazunguka kwenye magrupu na namba yangu ya zamani, sasa hivi anaitumia dada mmoja wa Morogoro ambaye ameshachoka kuulizwa habari za TRA.