Mababu 1,024 ni hesabu ya nafasi, si ya watu

Kwenye vikao vya ukoo vya Desemba huku Moshi hakosekani baba mkubwa wa kusimama na kutaja mababu kumi mfululizo, fulani bin fulani, hadi anashangiliwa. Sina ugomvi naye. Ila kwenye kizazi cha kumi ametaja mmoja tu, na nafasi za kizazi hicho ni 1,024.

Hesabu ni ya kuzidisha kwa mbili: wazazi 2, babu na bibi 4, juu yao 8, kisha 16, na ukifika hatua ya kumi ni 1,024. Nasema nafasi kwa sababu mtu mmoja anaweza kukalia mbili au zaidi, na hapo ndipo watu wanapopungua.

Tuseme dada wawili wa Marangu waliolewa, mmoja Kilema, mwingine Mamba. Miaka ikapita. Mjukuu wa kiume wa yule wa Kilema akakutana Arusha na mjukuu wa kike wa yule wa Mamba. Koo tofauti, wazee wameuliza maswali yao yote, mahari ikapokelewa bila neno. Mtoto wao ana babu na bibi wanne, na juu yao wako wanane, wote tofauti, dada wale wawili wakiwemo. Hatua inayofuata ina nafasi 16 lakini watu 14, maana wazazi wa dada hao wameandikwa mara mbili. Toka hapo hadi kizazi cha kumi ni hatua sita, kwa hiyo wazazi hao wawili wana nafasi 64 kila mmoja, jumla 128, na zote zimejirudia. 1,024 toa 128, zinabaki 896. Hiyo ni ndoa moja tu, tena ambayo hakuna aliyeiona kuwa ya ndugu.

Mwiko wa kuoa ndani ya ukoo una kazi yake, lakini unalinda mstari wa baba peke yake. Undugu unaopita kwa akina mama unavuka bila kuulizwa, na kwa watu waliooana vijiji vya jirani kwa miaka 250 au 300, ndoa za namna hiyo lazima ziwe nyingi. Kwa hiyo hata 896 naiona kubwa mno, ingawa idadi halisi hakuna wa kuithibitisha: misheni za Kilema na Machame zilianza miaka ya 1890, na daftari za ubatizo haziwezi kutufikisha mbali zaidi.

Anayechora mti wa familia aandike majina ya kina mama na kwao walikotoka. Bibi aliyebatizwa ukubwani hutajwa upande mmoja kwa jina la Kichaga, upande wa pili kwa jina la ubatizo, na kwenye karatasi anakuwa watu wawili. Ukiona wanawake wawili wana baba mmoja, kijiji kimoja na umri unaolingana, uliza kwanza kama si yeye yule.