Alama itolewe kwa neno au kwa hoja?

"Sisi ni wanafunzi sita wa kidato cha sita, na kila wiki tunatungiana maswali ya jenetiki. Tunabishana kuhusu mwongozo wa kusahihisha: alama itolewe kwa neno lililomo kwenye mwongozo tu, au kwa hoja yoyote inayoeleweka?"

Upande wa neno una nguvu zaidi katika maswali ya aina za mabadiliko ya jeni. Chukueni kodoni GAG katika jeni ya beta-globini, ambayo huagiza asidi ya glutamiki. Besi moja ikibadilika na kodoni ikawa GAA, amino asidi inabaki ile ile. Ikiwa GTG, inaingia valini, na hilo ndilo badiliko la selimundu. Ikiwa TAG, utengenezaji wa protini unakatika hapo hapo. Yote matatu ni badiliko la besi moja, kwa hiyo mwanafunzi anayejibu "besi moja imebadilika" mara tatu hajasema uongo, ila hajajibu kilichoulizwa, kwa kuwa kinachotenganisha aina hizi ni matokeo yake kwenye protini. Msahihishaji ambaye ni rafiki yake atashawishika kumwonea huruma. Mwongozo unaodai alama moja kwa amino asidi na nyingine kwa aina ya badiliko pamoja na sababu yake unawalinda nyote wawili.

Hata hivyo, ukali huo huo huumiza pasipostahili. Tuseme mfuatano ni ATG GAG AAG TCT, kisha G ya kwanza ya kodoni ya pili inafutwa, na usomaji unakuwa ATG AGA AGT na kuendelea. Mwanafunzi akiandika kwamba kodoni zote zinazofuata zinasomwa kwa mafungu mapya ya besi tatu, ameeleza kuhama kwa fremu kikamilifu, ingawa neno "fremu" halimo katika jibu lake. Kumnyima alama ni kupima kumbukumbu ya istilahi. Vilevile, akikosea kusoma jedwali la kodoni mahali pamoja, apoteze alama ya mahali hapo tu, na hitimisho linalofuata kwa usahihi kutokana na kosa hilo lipewe alama yake.

Kwenye udhibiti wa jeni ndipo kanuni hiyo ya kusamehe kosa linaloendelea inapoleta hatari, na hapa ningependa mwende polepole. Niliwahi kutunga swali hili kwa ajili ya kikundi changu: "Jeni lacI ya bakteria E. coli imepata badiliko. Eleza kitakachotokea kwa utengenezaji wa beta-galaktosidesi." Wenzangu wawili waliokuwa wakilimudu somo vizuri walitoa majibu yanayopingana. Mmoja alisema kimeng'enya kitatengenezwa wakati wote, hata pasipo laktosi, kwa sababu protini zuizi haipo tena ya kushika opereta. Mwingine alisema hakitatengenezwa kabisa, kwa sababu protini hiyo imeshindwa kuitambua laktosi, au kwa usahihi zaidi alolaktosi, na kwa hiyo haibanduki kwenye opereta. Wote wawili walikuwa sahihi, kwani mabadiliko ya aina zote mbili katika lacI yanajulikana. Kosa lilikuwa la swali langu. Wajuzi wawili wakifika pande tofauti kwa sababu zilizo timamu, msirekebishe mwongozo. Rudini kwenye sentensi ya swali.

Swali lililorekebishwa linasema kwamba protini zuizi bado inashika opereta lakini haiwezi kushikana na alolaktosi, na kwamba bakteria wamewekwa kwenye laktosi bila glukosi. Alama nne zinagawanyika hivi: protini inabaki kwenye opereta; polimaresi ya RNA inazuiwa kunakili; mRNA ya jeni tatu za oparoni karibu haipatikani; kimeng'enya hakitengenezwi isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. Sasa mwanafunzi anaandika: "Protini zuizi imeharibika, kwa hiyo inabanduka, jeni zinanakiliwa, na kimeng'enya kinakuwa kingi." Mantiki yake haina ufa kuanzia hatua ya pili, na anayetetea hoja atataka kumpa alama tatu. Mimi nisingempa hata moja, kwa kuwa hatua ya kwanza ndiyo hasa iliyokuwa ikipimwa: kutofautisha protini iliyopoteza uwezo wa kushika DNA na ile iliyopoteza uwezo wa kushika alolaktosi. Kosa la kusoma jedwali linasameheka kwa sababu kusoma jedwali hakukuwa kiini cha swali; hili ndilo kiini chenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kugawa alama, andikeni juu ya kila mwongozo hatua moja ambayo ikikosewa zinazoifuata hazipati kitu, na pembeni yake majibu mawili au matatu yenye maneno tofauti mtakayoyakubali. Mkishindwa kukubaliana ni hatua ipi, swali hilo bado halijawa tayari kuulizwa.